Siku mtoto anapotoa ushahidi: mwongozo kwa mlezi na afisa ustawi

Mwongozo huu ni wa mtu atakayemsindikiza mtoto mahakamani, iwe Mwanza mjini, Nansio, Sengerema, Magu au kwingine mwambao wa ziwa, katika shauri la ubakaji, ulawiti au shambulio la aibu. Naanzia pale ambapo polisi wameshamaliza upelelezi, fomu namba tatu ya polisi imejazwa hospitali, mshtakiwa amesomewa shtaka na wito wa shahidi umefika nyumbani. Kutoka hapo hadi mtoto ashuke kizimbani kuna mambo ambayo sheria imemwekea ili alindwe. Mengi kati ya hayo hayaji yenyewe. Lazima mtu ayaombe kabla, na lazima yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa na kuamriwa mahakamani. Kinga isiyoandikwa inaweza kumsaidia mtoto siku ile, kisha ikamwangusha kwenye rufaa.

Nitatumia mfano mmoja wa kutunga. Binti wa miaka 9 anaishi karibu na mwalo wa Igombe, wilayani Ilemela. Anayeshtakiwa ni jirani, mtu mzima, mnunuzi wa dagaa ambaye watoto wote wa pale humwita anko. Mtoto alikaa siku nne kabla ya kumwambia shangazi yake, shangazi akamwambia mama, mama akaenda Dawati la Jinsia na Watoto. Kesi iko mahakama ya wilaya kwa sababu mshtakiwa ni mtu mzima. Angekuwa na umri chini ya miaka 18 ingesikilizwa na Mahakama ya Watoto, ambayo ina taratibu zake.

Namba za vifungu ninazotaja ni za Toleo la Sheria la mwaka 2019. Kwenye chapa za baadaye namba zinaweza kuwa zimesogea, kwa hiyo mtajie wakili maudhui ya kifungu pamoja na namba.

Hatua ya kwanza: mwone wakili wa Serikali kabla ya siku yenyewe

Wito ukifika, usisubiri tarehe. Nenda ofisi ya mashtaka ya wilaya au mkoa, uliza nani ameshika jalada, omba kumwona ukiwa na mtoto. Walezi wengi wanaogopa hatua hii wakidhani watashutumiwa kwamba wanamfundisha shahidi. Kukutana na shahidi kabla hajatoa ushahidi ni kazi ya kawaida ya mwendesha mashtaka. Kinachokatazwa ni kumpa shahidi maneno ya kusema.

Mweleze wakili mambo ambayo jalada halisemi. Mtoto anaongea lugha gani nyumbani? Katika mfano wetu ni Kiswahili na Kisukuma, na Kiswahili chake ni cha shule, kinatosha. Lakini mtoto kutoka kijiji cha ndani huko Ukara, ambako nyumbani ni Kikara mtupu, anaweza kuelewa salamu na kuhesabu kwa Kiswahili na asiweze kusimulia. Huyo anahitaji mkalimani, na mkalimani asiwe ndugu wa upande wowote. Mweleze pia kama mtoto anasikia vizuri, kama ana kigugumizi, kama huwa ananyamaza kabisa akiogopa, na neno analolitumia kwa sehemu za siri za mwili. Neno hilo litakuwa na kazi kubwa baadaye.

Kisha omba kinga kwa majina yake. La kwanza ni usikilizaji wa faragha. Kifungu cha 186(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaagiza kwamba ushahidi wa watu wote katika mashauri ya makosa ya kujamiiana upokelewe faragha, na kwamba ushahidi huo na mashahidi wasitangazwe kwenye vyombo vya habari. Hapa sheria imeshaamuru, kwa hiyo unachofanya ni kukumbusha.

La pili ni namna ya kumkinga mtoto asitazamane na mshtakiwa. Kifungu cha 188 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu upande wa mashtaka kuomba mahakama itoe amri za kumlinda shahidi: ushahidi kutolewa kwa njia ya video, utambulisho wake kufichwa, au hatua nyingine yoyote ambayo mahakama itaona inafaa. Maombi haya anayafanya mwendesha mashtaka, si mlezi, na huchukua muda. Ndiyo maana nasema umwone mapema. Ukimwambia asubuhi ya shauri, jibu utakalopata mara nyingi ni kwamba tumechelewa.

Mahakama nyingi za wilaya hazina chumba maalumu cha mtoto. Isiwe sababu ya kukata tamaa. Pazia la kusimamisha, hata lile la wodini lenye magurudumu, likiwekwa kati ya kiti cha mtoto na kizimba cha mshtakiwa linatosha, mradi hakimu amwone mtoto na mshtakiwa asikie kila neno. Pazia lisipopatikana, kiti cha mtoto kinaweza kugeuzwa aelekee meza ya hakimu, mshtakiwa akabaki nyuma yake kwa pembeni. Kisichowezekana ni kumtoa mshtakiwa akakosa kusikia ushahidi dhidi yake, kwa sababu sheria inataka ushahidi utolewe mbele yake. Kinga yoyote lazima imwachie nafasi ya kusikia na kuuliza.

Na kama mtoto ameshahamishwa, jambo la kawaida sana kwetu, labda amepelekwa kwa bibi yake Bunda au Geita ili aondokane na maneno ya mtaani, uliza kuhusu kanuni za mwaka 2021 za usikilizaji kwa njia ya mtandao. Zinawezesha shahidi kukaa kwenye mahakama iliyo karibu naye na kusikika kwenye mahakama yenye shauri. Zinamwondolea mtoto safari, na zinamwondolea kukutana na mshtakiwa koridoni.

Hatua ya pili: amueni mapema nani ataketi na mtoto

Hapa ndipo familia zinapokwama. Mama anataka kukaa na mwanawe, na mwanawe anamtaka mama. Lakini katika mfano wetu mama ni shahidi, na shangazi pia ni shahidi. Shahidi ambaye hajatoa ushahidi hatakiwi kuwa chumbani wakati mwingine anaongea. Mama akikaa, wakili wa utetezi atasema baadaye kwamba mama alisikia maneno ya mtoto akayarudia, na hoja hiyo itakuwa na uzito.

Njia ni mbili. Mwendesha mashtaka anaweza kumtanguliza mama atoe ushahidi kwanza, kisha akae. Au mchague mtu ambaye mtoto anamwamini na ambaye hana ushahidi wowote wa kutoa. Kwa binti wetu ni bibi mzaa mama, aliyekuja kutoka Misungwi baada ya mambo kuwa yametokea. Bibi huyu aende na mtoto kwa wakili, atajwe, na mahakama iombwe imruhusu kuketi. Naye aelekezwe waziwazi: asitikise kichwa, asimnong'oneze mtoto, asimfute machozi kabla hakimu hajaruhusu. Kazi yake ni kuwepo tu. Akigusa bega la mtoto baada ya kila swali, utetezi utasema alikuwa anampa ishara.

Afisa ustawi wa jamii naye anaweza kuketi, na kwa mtoto asiye na ndugu wa kuaminika ndiye anayefaa zaidi.

Hatua ya tatu: mwandae mtoto bila kumfundisha

Mpelekeni aone chumba cha mahakama siku ambayo hakuna watu. Aone mahali atakapokaa, mahali hakimu atakapokaa, choo kilipo. Ajue kwamba hakimu anaandika kila kitu kwa mkono au kwenye kompyuta, ndiyo maana kuna kimya baada ya kila jibu, na kile kimya hakimaanishi kwamba amekosea. Watoto wengi hubadilisha jibu kwa sababu hiyo tu: wamejibu, mtu mzima amenyamaza, wakadhani jibu halikutakiwa.

Mfundisheni sentensi tatu: "Sijaelewa swali", "Sikumbuki" na "Sijui". Mwambieni kwamba hizi ni majibu halali. Mtoto wetu amelelewa kwamba mkubwa akiuliza lazima ajibiwe, na "sijui" darasani inaweza kumletea kiboko. Asipoambiwa kwamba mahakamani ni ruhusa, atabuni jibu ili amridhishe mkubwa, na jibu hilo la kubuni ndilo litakalovunja ushahidi wake wote.

Msimwambie arudie kisa usiku wa kuamkia shauri. Msimsomee maelezo aliyoandikisha polisi mpaka akayakariri. Mtoto aliyekaririshwa anatambulika kirahisi: anaanza na tarehe kamili na saa kamili, anatumia maneno ya polisi kama "mtuhumiwa" na "sehemu ya tukio", na akikatizwa katikati anarudi mwanzo. Hakimu mzoefu akiona hivyo huacha kumwamini hata pale anaposema kweli.

Hatua ya nne: asubuhi ya shauri

Ombeni mtoto asikilizwe kwanza, saa tatu, akiwa hajachoka. Mpeni uji au chai. Mtoto anayeitwa saa nane akiwa na njaa atajibu "ndiyo" kwa kila kitu ili amalize aende. Wanaovuka maji wafike siku moja kabla, kwa sababu kivuko kikichelewa, shauri litaahirishwa na mtoto atabeba hofu hiyohiyo kwa wiki nyingine kadhaa.

Msikae na mtoto kwenye benchi la nje ambako ndugu wa mshtakiwa wanakaa. Mwombeni karani au mwendesha mashtaka sehemu nyingine, hata kama ni ofisi ya masijala.

Shauri likiitwa, hakimu atatoa amri ya faragha. Wanaobaki ni hakimu, karani, mwendesha mashtaka, mshtakiwa na wakili wake, askari mmoja wa kumlinda mshtakiwa, mkalimani kama yupo, mtoto na mtu aliyeruhusiwa kuketi naye. Wengine wote watoke, wakiwemo mawakili wanaosubiri kesi zao na wanafunzi wa sheria walio mazoezini. Mwendesha mashtaka ahakikishe amri imeandikwa. Ikikosekana kwenye mwenendo, mahakama za rufaa huangalia kama mshtakiwa aliumizwa na kasoro hiyo, na kwa kawaida shauri haliharibiki kwa hilo peke yake. Lakini mtoto ameshaumia, na hakuna rufaa inayomrudishia faragha yake.

Hatua ya tano: ahadi ya kusema ukweli

Hatua hii ni ya dakika chache na ndiyo iliyoangusha kesi nyingi. Nawaomba mwielewe vizuri.

Kwa kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, mtoto wa umri mdogo ni yule ambaye kwa kumtazama haonekani kuzidi miaka 14. Zamani hakimu alilazimika kumfanyia mtoto huyo uchunguzi mrefu wa akili na uelewa. Sheria Na. 4 ya mwaka 2016 iliondoa uchunguzi huo, ikaweka badala yake jambo moja: mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo wala uthibitisho unaochukua nafasi ya kiapo, lakini kabla hajaanza lazima aiahidi mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo.

Katika Rufaa ya Jinai Na. 168 ya 2018, iliyosikilizwa Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu, Mahakama ya Rufani ilieleza hakimu aifikieje ahadi hiyo. Amuulize mtoto maswali mepesi: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, kisha kama anaahidi kusema ukweli na si uongo. Katika shauri lile mtoto alikuwa ametoa ushahidi bila ahadi. Ushahidi wake ukaondolewa, na mrufani akaachiwa huru. Zipo hukumu za baadaye zilizouokoa ushahidi wenye kasoro ya namna hiyo pale mahakama iliporidhika kwamba mtoto alisema kweli tupu, lakini mtu mwenye busara hajengi kesi ya mtoto juu ya tumaini la kuokolewa.

Kwa binti wetu mazungumzo yangeenda hivi:

Hakimu: Karibu, mama. Hujambo?
Mtoto: Shikamoo.
Hakimu: Marahaba. Una miaka mingapi?
Mtoto: Tisa.
Hakimu: Unasali wapi?
Mtoto: Kanisani, naendaga na bibi.
Hakimu: Kiapo unakijua ni nini?
Mtoto: Hapana.
Hakimu: Nikisema hii kalamu ni ndoo, nimesema ukweli au uongo?
Mtoto: Uongo.
Hakimu: Unaahidi utaiambia mahakama ukweli na hutasema uongo?
Mtoto: Naahidi nitasema ukweli. Sitasema uongo.

Baada ya hapo hakimu aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kwa nafsi ya kwanza: "Naahidi nitasema ukweli, sitasema uongo." Akiandika tu kwamba "shahidi ana akili za kutosha, aendelee", ahadi haimo. Akiandika kwamba mtoto anajua umuhimu wa kusema kweli, ahadi bado haimo, maana kujua si kuahidi. Mwendesha mashtaka aliye macho husimama papo hapo na kuomba, kwa heshima, ahadi iandikwe. Afisa ustawi aliyeketi chumbani akiona imerukwa, amwandikie mwendesha mashtaka kikaratasi.

Mtoto akionyesha kwamba anaelewa kiapo, anaweza kuapa kama Mkristo au kuthibitisha kama Mwislamu hata akiwa na miaka 12. Mwenye miaka 15 au zaidi haendi kwa ahadi, anaapa kama mtu mzima. Kwa hiyo umri ujulikane mapema. Unathibitishwa na mzazi, ndugu, mwalimu, daktari au cheti cha kuzaliwa, na haupaswi kuachwa kwa mtoto peke yake, kwa sababu ni sehemu ya kosa lenyewe: chini ya miaka 18 ridhaa haina maana yoyote, na mwathirika akiwa chini ya miaka 10 adhabu ya ubakaji ni kifungo cha maisha.

Hatua ya sita: maswali ya upande wa mashtaka

Mwendesha mashtaka hatakiwi kumwongoza shahidi wake. "Huyu anko alikuingiza chumbani, sivyo?" ni swali linalobeba jibu ndani yake, na utetezi utalipinga. Swali zuri kwa mtoto ni fupi, lina jambo moja, na linaacha mlango wazi: "Siku hiyo ulikuwa unafanya nini?" "Nilikuwa naanua dagaa." "Ikawaje?" "Anko akaniita." "Halafu?" Kwa "ikawaje" na "halafu" peke yake mtoto anaweza kusimulia karibu kisa chote.

Usimtafutie tarehe. Mtoto wa miaka 9 hana kalenda kichwani. Muulize kama shule ilikuwa imefungwa, kama mvua ilikuwa inanyesha, kama ilikuwa siku ya mnada, kama mama alikuwa amerudi kutoka mwaloni. Tarehe italetwa na mama na shangazi.

Tunakuja kwenye jambo gumu. Mtoto wetu atasema: "Alinifanyia tabia mbaya." Mahakama ya Rufani imeshakubali kwamba mtoto aliyelelewa kwenye heshima zetu hawezi kutazamiwa atamke mambo ya aibu waziwazi mbele ya wakubwa, na imewahi kuupokea usemi huu na mingine kama huo. Hata hivyo ubakaji unahitaji uthibitisho wa kuingiliwa, hata kwa kiasi kidogo kabisa, na "tabia mbaya" kwa mtoto inaweza kuwa pia kutukana au kuiba sukari. Kwa hiyo swali moja zaidi linahitajika, kwa upole: "Tabia mbaya ni kufanya nini?" Akitumia neno la nyumbani, lile ambalo mlezi alimtajia wakili mapema, aulizwe neno hilo ni sehemu gani ya mwili, aonyeshe kwenye mwanasesere au mchoro, na mwendesha mashtaka aseme kwa sauti alichoonyesha ili kiandikwe. Kidole kilichoelekezwa hakionekani kwenye karatasi ya rufaa.

Kuhusu kumtambua mshtakiwa: "anko" ni wengi. Mtoto aulizwe anko yupi, anakaa wapi, amemjua tangu lini, huwa anafanya kazi gani. Kwa mtu aliyefahamika kabla, maelezo hayo yana nguvu kuliko kumnyooshea kidole, na yanaepusha haja ya kuondoa pazia.

Na zile siku nne za kunyamaza zisikwepwe. Mahakama hutilia maanani kama shahidi alimtaja mhusika mapema, na utetezi utauliza. Bora upande wa mashtaka uulize kwanza: "Ulimwambia nani? Kwa nini hukusema siku hiyohiyo?" Binti wetu anajibu kwamba anko alisema akisema kwa mtu atamtupa ziwani. Jibu hilo likitoka mapema, ucheleweshaji umepata maelezo yake.

Hatua ya saba: maswali ya dodoso

Mshtakiwa ana haki ya kumuuliza mtoto, na ni haki ya kweli: ndiyo njia yake ya kuonyesha kwamba shahidi amekosea au amepandikizwa maneno. Mashauri mengi ya wilayani mshtakiwa hana wakili, kwa hiyo atauliza mwenyewe. Mwandaeni mtoto kwa hilo, kwa sababu ndilo linalomshtua kuliko yote: ile sauti.

Mwendesha mashtaka aombe kwamba mshtakiwa akae mahali pake, aelekeze swali kwa hakimu, na hakimu alirudie kwa mtoto kwa sauti ya kawaida na maneno mepesi. Haki ya kuuliza inabaki nzima, vitisho vinapungua. Hakimu ndiye mwenye chumba chake. Sheria ya Ushahidi inampa uwezo wa kukataza maswali ya aibu, ya matusi na ya kumuudhi shahidi bila sababu.

Sikilizeni sana maswali ya kukanusha. Kwetu mtu akiulizwa "Hukupiga kelele?" akajibu "Ndiyo", maana yake ni kwamba ni kweli hakupiga. Mahakama zetu zimeandika mwenendo kwa Kiingereza kwa miaka mingi, hata baada ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama bado utaiona karatasi ya Kiingereza, na jibu hilo linaweza kuandikwa kwamba mtoto alipiga kelele. Kisha majirani wanasema hawakusikia kelele, na hapo mtoto anaonekana mwongo. Dawa ni kuomba swali liulizwe upya: "Ulipiga kelele au hukupiga?" Vivyo hivyo kwa swali la mawili kwa moja, kama "Ulienda kwake na hukumwambia mama?" Mwendesha mashtaka aombe litenganishwe.

Mtoto akinyamaza au akilia, ombeni mapumziko, si kuahirisha. Dakika kumi nje, maji ya kunywa, bila mtu kumzungumzisha habari za kesi. Bibi asimwambie "sema kama ulivyotuambia", kwa sababu mtoto akirudi akaulizwa "Bibi amekuambia nini huko nje?", atajibu kweli. Akishindwa kabisa siku hiyo, aombewe tarehe ya karibu. Na hata asipoweza tena, shauri halifi papo hapo. Sheria haidai idadi maalumu ya mashahidi, na daktari, shangazi na mama bado wapo. Lakini tangu miaka mingi Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi bora wa kosa hili hutoka kwa mwathirika mwenyewe, kwa hiyo pengo lake ni zito.

Baada ya dodoso mwendesha mashtaka anaruhusiwa kuuliza kidogo ili kufafanua kilichovurugika. Hapo ndipo lile la kelele linanyooshwa kama liliponyoka.

Baada ya mtoto kushuka

Mtoeni mara moja kwa mlango ambao hautamkutanisha na ndugu wa mshtakiwa. Asisubiri mama amalize ushahidi wake, bibi aondoke naye. Msimuulize alisema nini, hasa kama mama au shangazi bado hawajasikilizwa.

Jina lake, picha yake, shule yake na hata jina la mtaa wake visiende kwenye kundi la WhatsApp la familia wala la kanisa. Mahakama ya Rufani yenyewe huandika herufi tu au neno "mwathirika" mahali pa jina la mtoto, na haina maana mahakama ifiche kilichokwisha kusambazwa na wajomba.

Mwishoni hakimu anaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, bila ushahidi mwingine wa kuuunga mkono, kwa kifungu cha 127(6). Sharti ni aridhike kwamba mtoto hakusema chochote ila kweli, na aandike sababu za kuridhika kwake. Hukumu isiyo na sababu hizo ni dhaifu. Hukumu ikisomwa, mwombeni wakili wa Serikali awaelezee sababu zilizoandikwa, na wekeni akiba namba ya shauri. Rufaa ikikatwa, Mahakama Kuu itausoma ushahidi wa binti yenu kwenye karatasi, naye hatalazimika kurudi kuusema tena isipokuwa kama itaamriwa shauri lianze upya au ushahidi wa ziada uchukuliwe. Kwa hiyo msipoteze mawasiliano na ofisi ya mashtaka hata mkihama mkoa.